Kadi za Maswali na Majibu: Istilahi za Jiografia, uk. 142 hadi 144

Kikundi cha kujisomea, Dodoma Makulu

Kadi hizi zimetoka kwenye picha tatu za orodha ya istilahi iliyo mwishoni mwa kitabu. Ukurasa wa 143 una safu mbili, na simu iliisoma mistari moja kwa moja toka kushoto hadi kulia, maana ya neno moja ikaingia kwenye neno jingine. Kwa hiyo kila safu ilikatwa kivyake kwenye picha, kisha ikasomwa upya. Kila kadi inauliza jambo moja tu, ili ukijibu ujue umepata au umekosa. Chenye nyota (*) tumekiongeza sisi, hakimo kitabuni.

1. Mmomonyoko wa udongo ni nini?
Ni kuondolewa kwa tabaka la juu la udongo na maji au upepo.

2. Taja shughuli moja ya binadamu inayoharakisha mmomonyoko wa udongo.
Kulisha mifugo kupita uwezo wa malisho. (Kukata miti ovyo nako ni sahihi.)

3. * Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka gani?
1973.

4. * Mwaka 1979 hatua gani kali ilichukuliwa katika eneo la Kondoa lililomomonyoka?
Mifugo iliondolewa.

5. Bonde la ufa hutokeaje?
Gamba la dunia huvutwa pande mbili likapasuka, na kipande cha kati kikashuka.

6. Mwamba uliobadilishwa na joto au mgandamizo mkubwa unaitwaje?
Mwamba geu.

7. Toa mfano wa mwamba geu.
Marumaru, itokanayo na mawe ya chokaa.

8. Maji ya ardhini hutoka wapi?
Ni mvua iliyopenya udongo ikahifadhiwa kwenye nyufa na vinyweleo vya miamba. * Visima vya Makutupora huyavuta kwa ajili ya jiji la Dodoma.

9. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimita 4 ni umbali gani ardhini?
Kilomita 2. (Simu ilisoma 1:5,000, ikameza sifuri moja. Kwa skeli hiyo jibu lingekuwa mita 200, kwa hiyo tarakimu zote zilihakikiwa kwa macho kitabuni.)

10. * Dodoma ipo takribani latitudo gani?
6° Kusini. Angalieni sana alama ya nyuzi: simu huigeuza sifuri, 6° ikawa 60, na latitudo 60 Kusini ni baharini, jirani na Antaktika.

Kuchapa
Karatasi moja ya A4 inatoa kadi nane, kila moja sm 10.5 kwa 7.4. Maswali mbele, majibu nyuma. Karatasi ikigeuzwa kwa upande mrefu, safu ya kushoto huangukia kulia, kwa hiyo kwenye ukurasa wa majibu safu mbili zimebadilishana nafasi. Chapeni kwanza karatasi moja, muinyanyue kwenye mwanga, muone kama jibu la kadi ya 1 limekaa nyuma ya swali lake, ndipo mchape zilizobaki.