Mwaka mmoja wa cherehani zetu: asanteni sana

Wateja wetu wapendwa, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Jumamosi hii tunatimiza mwaka tangu tufungue kibanda chetu cha ushonaji nyuma ya Soko la Chifu Kingalu, hapa Morogoro. Jana usiku niliandika posti ndefu yenye hesabu ya magauni na mashati tuliyoshona. Nilipoisoma tena nikaona imetaja nguo tu, ninyi hamumo. Nimeifuta, naanza upya.

Tulianza na cherehani mbili za miguu na meza ya kukatia tuliyoazimwa na jirani muuza viatu. Mteja wa kwanza alikuwa mama aliyeleta suruali ya mwanawe ipandishwe pindo. Wiki iliyofuata alirudi na kitenge, kisha akaja na wadogo zake wawili. Wengi wenu mmefika kwetu kwa njia hiyo, kwa kuelekezwa na mtu mnayemwamini. Asanteni kwa kutusemea.

Kuna mama mmoja tunamkumbuka kila tukishika mkasi. Alileta kitambaa cheupe cha gauni la kipaimara cha binti yake. Tulimwambia Ijumaa. Ijumaa akaja, tukamwambia kesho, imebaki zipu tu. Kesho yake saa kumi jioni gauni lilikuwa bado mezani, na bitana haijaguswa. Jumapili mtoto alikwenda kanisani na gauni la mwaka jana, limemfika juu ya magoti. Tulirudisha hela yote na kuomba radhi, lakini siku ile haikurudi. Miezi miwili baadaye mama yule alituletea kitenge kingine. Mama, hatukustahili, na hatujasahau.

Tangu hapo tuna daftari. Kwa wiki tunapokea nguo 12, ya 13 inaandikwa wiki inayofuata, na advansi hatuichukui kabla ya kukutajia siku tunayoiweza. Ndiyo maana Januari, msimu wa sare za shule, baadhi yenu tuliwarudisha. Najua iliwaudhi. Tuliona heri mkasirike mapema mkatafute fundi mwingine, kuliko mtoto afungue shule bila sare.

Jingine tulilojifunza kwa hasara yenu: kitenge cha pamba kikikatwa kabla ya kuloweshwa, kikifuliwa kinaruka. Siku hizi tunalowesha kwanza, tunaanika, ndipo tunapima. Kwa hiyo ukituona tunakuomba siku moja zaidi, ni hiyo.

Na ninyi mliovumilia umeme ulipokatika overloki ikasimama, hasa dada aliyetuachia taa yake ya sola usiku kucha tumalize sare ya harusi, Mungu awabariki.

Jumatatu hadi Ijumaa wiki ijayo, nguo yoyote tuliyokushonea, zipu imeharibika, mshono umefumuka au imekubana, ilete. Tutairekebisha bure. Jumamosi hii kuanzia saa tatu asubuhi chai na vitumbua vipo. Karibuni, na watoto pia.