Asali mbichi ya Sikonge, Tabora – kilo 1

Haya wapenzi mzigo mpya umeingia, asali ya nyuki wakubwa wa misitu ya miombo huko Sikonge, ile nyeusinyeusi yenye kauchungu kwa mbali ukishameza. Ndani ni asali tupu, hakuna sukari wala maji, imechujwa kwa kitambaa tu haijapikwa, so ukiona kachembe ka nta juu usishtuke.

Uzito ni kilo 1 kamili bila chupa, na kabla hujaniuliza mbona chupa haifiki lita, asali ni nzito jamani, kilo moja ni kama mililita 700 hivi. Imepakiwa Juni 2025, mwisho wa kutumia Juni 2027.

Weka kabatini, mfuniko ukaze na usichote na kijiko kibichi maana maji yakiingia inachacha. Friji haihitaji, itaganda tu. Ikiganda sio kwamba imechakachuliwa, iloweke chupa kwenye maji ya vuguvugu, sio ya kuchemka, inarudi yenyewe. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, hata kulamba.

Bei 18,000, Dar boda unalipia mwenyewe.