Salio Halikubadilika

Ijumaa jioni, matatu ya Kayole ikiwa imekwama Barabara ya Jogoo, ujumbe uliingia kwenye simu ya Mumo: amepokea shilingi 4,500. Kabla hajaumaliza, simu ikalia.

"Dada, mimi ni ejenti hapa Muthurwa. Nimekosea namba moja tu, pesa ya mteja ikaingia kwako. Mama ni mgonjwa, yuko hapa analia. Irudishe sasa hivi, tafadhali."

Kelele za makanga, huruma, haraka. Mumo akatuma 4,500.

Nyumbani ndipo akaangalia vizuri. Ujumbe ulitoka kwa namba ya kawaida ya 07, si kwa jina MPESA. Salio lililoandikwa humo lilikuwa 4,731, na asubuhi yeye alikuwa na 6,120. Hesabu haikuingiana hata kidogo. Akatuma ujumbe wake halisi wa muamala kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe, lakini kwa yule "ejenti" hakukuwa na kitu, zilishatolewa. Namba yake akaituma 333 kuripoti utapeli.

Jumatano simu ikalia tena. "Dada, nimekosea namba..."

"Subiri." Akakata, akabonyeza *334#, akaangalia salio. Halikuwa limeongezeka hata shilingi. Mtu yule akapiga tena.

"Kaka, kama ni kweli, tuma ujumbe wako kwa 456. Wao ndio watakurudishia, si mimi."

Laini ikakatika.