Fefo kila siku au kwa kuruka siku: matokeo makuu, ukingo tuliouweka na sababu zake

Sehemu hii inajibu swali moja. Mjamzito asiye na upungufu wa damu akimeza kidonge cha fefo, yaani cha madini ya chuma na foliki, leo, kesho akapumzika, je, anafika wiki ya 36 akiwa na damu isiyo pungufu kwa kiasi cha kumdhuru, akilinganishwa na anayemeza kila siku? Hatukutafuta njia iliyo bora zaidi. Tulitaka kujua kama njia iliyo nyepesi kwa mama si duni kuliko iliyozoeleka, na neno "duni" tuliliwekea kipimo, yaani ukingo, kabla mama wa kwanza hajaandikishwa.

Ukingo na sababu zake

Ukingo ulikuwa 0.3 g/dl. Kumeza kwa kuruka siku kungehesabika si duni iwapo mwisho wa chini wa wigo wa uhakika wa 95% wa tofauti ya wastani wa himoglobini (kuruka siku ukitoa kila siku) ungebaki juu ya −0.3. Itifaki ilidai sharti hili litimie katika uchambuzi wote wawili: wa kina mama wote kama walivyopangwa, na wa waliofuata utaratibu.

Sababu ya kwanza ya ukingo huu ni faida ya dawa yenyewe. Tafiti za awali zikijumlishwa, madini ya chuma ya kila siku huongeza himoglobini karibu na kujifungua kwa takriban 0.9 g/dl kuliko kutomeza chuma. Ukingo wa 0.3 unalinda theluthi mbili za faida hiyo. Wengi hukubali kulinda nusu, na nusu ingetupa 0.45. Tulikataa, na sababu iko zahanati, haiko kwenye hesabu.

Katika zahanati za Chamwino na Bahi, mkoani Dodoma, tulikofanyia kazi hakuna damu ya kuongezewa. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anapewa dawa, anawekewa dripu, na inasubiriwa gari. Ndiyo maana tuliwauliza wakunga wa vituo vyote 14 swali lao la kila siku: ni mama gani ambaye hamthubutu kumzalisha hapa? Wengi walitaja mwenye damu chini ya 8. Tukachukulia wastani wa 11.4 na mtawanyiko wa 1.2, kisha tukawaonyesha kwa kuhesabu punje za mahindi mezani. Wastani ukibaki ulivyo, kina mama kama 2 kati ya 1,000 watakuwa chini ya 8. Ukishuka kwa 0.3, watakuwa kama 5. Ukishuka kwa 0.45, kama 7. Wakunga walisema kina mama watano wanaweza kuwabeba kwa rufaa ya mapema, ikiwa wengine watapona kichefuchefu na kuacha kuvificha vidonge. Kina mama saba waliwakataa. Mkunga mmoja alizisukuma punje mbili za mwisho pembeni kwa kidole na hakuzirudisha.

Kuna hoja tuliyoiacha kwa makusudi. Wapo wanaosema 0.3 ni ndogo kwa sababu hata matone mawili ya kidole kimoja yanaweza kutofautiana kwa kiasi hicho kwenye mashine. Ni kweli kwa mama mmoja, lakini haihusu wastani wa mamia. Kosa la mashine linaongeza mtawanyiko, haliwapunguzii kina mama hatari. Mwinuko wa nyanda hizi, ambao huweza kupandisha himoglobini, nao hauathiri tofauti, kwa kuwa makundi yote mawili yanaishi juu ya ardhi ileile. Tuliuzingatia tu tulipohesabu walio na upungufu.

Matokeo makuu

Wajawazito 620 wa wiki 14 hadi 20, wenye himoglobini ya 10.5 au zaidi, walipangwa kwa bahati nasibu, 310 kila kundi. Idadi hiyo ilitoa nguvu ya 85% kwa ukingo wa 0.3, na nyongeza ya takriban 8% kwa watakaopotea. Kundi la kuruka siku lilimeza kidonge cha foliki peke yake siku za mapumziko. Aliyepima damu wiki ya 36 hakujua mama yuko kundi gani.

Waliopimwa ni 288 wa kila siku na 291 wa kuruka siku. Wastani ulikuwa 11.42 na 11.33. Baada ya kurekebisha kwa himoglobini ya mwanzo, tofauti ilikuwa −0.09 g/dl (wigo wa uhakika wa 95%: −0.26 hadi 0.08). Mwisho wa chini haukufika −0.3, kwa hiyo katika uchambuzi huu sharti lilitimia. Tulipochukulia kwamba wote waliopotea kundi la kuruka siku walikuwa chini kwa 0.3 zaidi, tofauti ikawa −0.11 (−0.28 hadi 0.06), sharti bado lilisimama.

Katika waliofuata utaratibu, yaani waliomeza angalau 80% ya vidonge, walibaki 198 wa kila siku na 254 wa kuruka siku. Tofauti ilikuwa −0.13 g/dl (−0.33 hadi 0.06). Mwisho wa chini umevuka ukingo.

Kwa hiyo kutokuwa duni hakujathibitishwa.

Tunaomba msomaji asiruke sentensi hiyo kwenda kwenye thamani ya p. Jaribio la tofauti katika uchambuzi wa wote lilitoa p = 0.30, na ni rahisi kuandika kwamba "hakuna tofauti". Jaribio hilo halikuuliza swali letu. Kutoiona tofauti si kuthibitisha kwamba haipo.

Kwa nini uchambuzi umeachana? Jibu lilikuwa ndani ya bahasha. Tulipohesabu vidonge vilivyobaki, bahasha za kundi la kila siku mara nyingi zilirudi na nusu ya dozi. Mama mmoja alituonyesha mistari aliyochora nyuma ya kadi ya kliniki: siku ya kumeza, siku ya kupumzika. Bila kuambiwa na mtu, alikuwa amejihamishia kundi la pili. Wengi wakifanya hivyo makundi yanafanana, na uchambuzi wa wote unaonyesha usawa ambao dawa haikuuleta. Katika majaribio yanayotafuta njia iliyo bora zaidi hali hiyo humfanya mtafiti awe mwangalifu zaidi. Katika jaribio kama letu humpa ushindi asioustahili. Uchambuzi wa waliofuata utaratibu nao una dosari yake, kwani wanaovumilia dozi yote si sawa na wasioivumilia. Hatuuamini peke yake. Ndiyo maana tulidai vyote viwili.

Wenye upungufu wa damu (chini ya 11) wiki ya 36 walikuwa 104 kati ya 288 (36.1%) na 113 kati ya 291 (38.8%). Waliolalamika kichefuchefu au choo kigumu walikuwa 97 kati ya 301 (32.2%) kwa kila siku na 61 kati ya 304 (20.1%) kwa kuruka siku, pungufu ya pointi 12.2 za asilimia (5.2 hadi 19.1). Nafuu hii ni ya kweli na kina mama waliisema wenyewe, lakini haiwezi kuziba pengo la jibu kuu.

Baada ya kuona matokeo, ndani ya timu lilitolewa pendekezo la kutumia ukingo wa 0.45, ambao uchambuzi wote wawili ungeupita. Tulilikataa. Ukingo huo ndio wakunga waliokwisha kuukataa.

Wajawazito wa vituo hivi waendelee na fefo ya kila siku. Mama anayeshindwa kabisa kwa kichefuchefu anaweza kuruka siku kwa makubaliano na mkunga, akipimwa damu kila hudhurio, na akifika wiki ya 36 akiwa chini ya 8 apewe rufaa kabla uchungu haujaanza.