Tathmini ya matoleo mawili ya ukurasa wa mkeka wa ukindu, pamoja na maandishi ya mwisho

Kwa akina mama wa kikundi cha ususi, Matondoni, na vijana wetu wa duka, Lamu mjini.

Assalam aleikum. Nimeyasoma matoleo yote mawili, la duka na la kikundi, ili tupate maandishi mamoja kabla ya Ramadhani, wakati wanunuzi wa Nairobi na Mombasa wanapotafuta mikeka ya kufuturia.

Toleo la duka linaanza na vipimo, bei na usafirishaji, na mpangilio huo nimeubakiza. Upungufu wake ni kwamba msomaji hufika mwisho bila kujua kwa nini aache mkeka wa plastiki, ulio rahisi zaidi, anunue huu.

Jibu limo katika toleo la kikundi. Linaeleza jinsi ukindu unavyochanwa, kutiwa rangi na kusukwa mashupatu, ambayo hatimaye hushonwa ubavu kwa ubavu. Kisha linamwambia mnunuzi augeuze mkeka, autazame mshono kwa nyuma. Katika matoleo yote mawili sikuona sentensi yenye thamani kuliko hiyo, kwa sababu mtu aliye mbali, asiyeweza kuupapasa mkeka, anaazimwa jicho la msusi mwenyewe. Hata hivyo, nimeyaondoa maneno "haupauki kamwe". Rangi ya ukindu hupauka juani, sote twalijua hilo, na ni heri mnunuzi alisikie kwetu kabla hajalipa. Bei nayo, iliyokuwa chini kabisa ya toleo hilo, nimeipandisha juu.

Maandishi ninayopendekeza ni haya:

Mkeka wa ukindu uliosukwa kwa mkono, Matondoni

Urefu sentimita 180, upana sentimita 120. Bei ni shilingi 4,500, bila nauli ya mzigo.

Mkeka huu unatosha watu wanne kukaa kwa chakula. Umesukwa na akina mama wa Matondoni, kisiwani Lamu, kwa ukindu uliochanwa na kutiwa rangi nyekundu na nyeusi. Kila shupatu husukwa peke yake, kisha yote hushonwa pamoja kwa mkono. Ukiupokea, ugeuze utazame nyuma: mshono uwe umebana, na mashupatu yasiachane unapouvuta kwa upole. Kwa kuwa ni kazi ya mkono, rangi na upana huweza kutofautiana kidogo na picha.

Ufute kwa kitambaa chenye unyevu, uuanike kivulini, na uuhifadhi mkavu, ukiwa umeviringishwa. Jua kali huipausha rangi, na unyevu huleta kuvu.

Mzigo huvuka kwa boti hadi Mokowe, kisha husafiri kwa basi. Nauli tutakuambia kabla hujalipa.

Naomba akina mama wanithibitishie upana baada ya kuipima tena mikeka mitatu iliyo tayari, na duka lipige picha ya upande wa nyuma, kwani picha zilizopo zote ni za mbele.