Kurejelea vyanzo na kuandika orodha ya marejeleo: muhtasari wa mwongozo kwa wanaoandika tasnifu

Muhtasari huu umetokana na sura ya urejeleaji katika mwongozo wa uandishi wa kitivo. Umeandaliwa kwa wanafunzi wa hapa Dodoma wanaoandika tasnifu za shahada ya kwanza na ya umahiri. Mtindo unaofuatwa ni APA, toleo la 7, lililotoka mwaka 2019. Baadhi ya idara hutumia mitindo mingine, hasa sheria na historia ambako tanbihi hupendelewa, kwa hiyo muulize msimamizi wako kabla ya kuandika sura ya kwanza. Kubadilisha mtindo baada ya kuandika kurasa 80 ni kazi ya wiki nzima, na makosa mengi huzaliwa hapo.

Kanuni zote zilizomo humu zina shabaha moja: msomaji aweze kufika kwenye ukurasa uleule uliousoma wewe. Ukikwama mahali ambapo mwongozo hausemi kitu, jiulize kama msomaji atafika, kisha amua.

Kipi kinarejelewa

Takwimu, hoja, fasili, ramani, picha, jedwali na maneno ya mtu mwingine vyote hurejelewa, hata ukivieleza kwa maneno yako mwenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa: wanadhani alama za mtajo zikiondolewa, deni limeisha. Halijaisha, kwa sababu wazo bado ni la mwenyewe. Kisichohitaji rejeleo ni jambo linalojulikana na kila msomaji wa fani yako. Kwamba Dodoma ni makao makuu ya nchi, andika tu. Lakini ukisema Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 3,085,625 katika Sensa ya 2022, mtaje aliyehesabu.

Rejeleo ndani ya matini

Rejeleo la ndani lina jina la ukoo la mwandishi na mwaka. Linakaa kwa namna mbili. Ukitaka kumweka mwandishi mbele, jina huingia kwenye sentensi na mwaka hukaa kwenye mabano: *Maddox (1990) anaeleza njaa iliyowapata Wagogo kati ya 1917 na 1920.* Ukitaka hoja iwe mbele, vyote viwili huingia kwenye mabano mwishoni, kabla ya nukta: *Njaa ya Mtunya ilitokana na ukame pamoja na madai ya majeshi wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia (Maddox, 1990).*

Ukinukuu neno kwa neno, ongeza ukurasa: (Maddox, 1990, uk. 183). Kurasa zikiwa zaidi ya moja, andika kur. badala ya uk. Nukuu isiyofika maneno 40 hukaa ndani ya aya kwa alama za mtajo. Ikifika maneno 40 au kuzidi, ianze kwenye mstari wake, isogezwe ndani kwa sentimita 1.27, na alama za mtajo ziondolewe. Nukuu ndefu zitumike kwa uchache. Sura yenye nukuu ndefu kila ukurasa inaonyesha kwamba mwandishi amekusanya lakini hajafikiri.

Waandishi wawili hutajwa wote kila mara. Wakiwa watatu au zaidi, mtaje wa kwanza na uongeze "na wenzake" tangu mara ya kwanza: (Massamba na wenzake, 1999). Toleo la 6 liliruhusu kuwataja wote mara ya kwanza, na tasnifu nyingi za zamani maktabani zimefuata hivyo. Usizinakili kama kielelezo.

Taasisi yenye jina refu hufupishwa. Mara ya kwanza andika (Ofisi ya Taifa ya Takwimu [NBS], 2022), halafu (NBS, 2022). Kwenye orodha ya mwisho jina hubaki kamili.

Kosa linaloharibu sura nyingi za mapitio ya maandiko ni kuweka rejeleo moja mwishoni mwa aya yenye sentensi sita. Msomaji hajui kama sentensi zote sita ni za chanzo hicho au ni ya mwisho tu. Dawa yake ni kumtaja mwandishi mwanzoni, kuendelea na viashiria kama "anaongeza kwamba" au "kwa maoni yake", na kuonyesha wazi pale sauti yako inapoanza.

Chanzo ulichokikuta ndani ya chanzo kingine

Umesoma kitabu kilichoandikwa 2010, na ndani yake kuna hoja ya Rigby ya 1969 kuhusu ng'ombe na ukoo katika jamii ya Wagogo. Hatua ya kwanza ni kumtafuta Rigby mwenyewe maktabani. Ukimkosa kabisa, andika ndani ya matini kwamba Rigby (1969) amenukuliwa na mwandishi yule wa 2010, na kwenye orodha umweke huyo uliyemsoma peke yake. Kumweka Rigby kwenye orodha bila kumsoma ni kudai kazi ambayo hukuifanya. Mtahini akikuuliza sura ya pili inasema nini, utakosa jibu.

Handauti za mhadhiri na notisi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ziko katika hali hiyohiyo. Zitumie kama njia ya kufikia vyanzo halisi, zisiwe chanzo.

Orodha ya marejeleo

Kila ingizo hujibu maswali manne kwa mpangilio usiobadilika: nani, lini, nini, wapi. Kitabu huandikwa hivi:

> Rigby, P. (1969). *Cattle and kinship among the Gogo: A semi-pastoral society of central Tanzania*. Cornell University Press.

Tazama mambo matatu. Jina la kwanza limebaki herufi moja. Jina la kitabu liko katika hati mlazo, na herufi kubwa zimetumika mwanzoni mwa jina, baada ya nukta mbili na kwenye majina ya pekee tu. Mji wa uchapishaji haupo, kwani toleo la 7 liliuondoa. Jina la kitabu hubaki katika lugha kilichoandikwa, hata kama tasnifu yako ni ya Kiswahili.

Makala ya jarida hugeuza mlazo: jina la makala huandikwa kawaida, jina la jarida na namba ya juzuu hulazwa.

> Maddox, G. (1990). Mtunya: Famine in central Tanzania, 1917–20. *The Journal of African History*, *31*(2), 181–197.

Hapo 31 ni juzuu, 2 ni namba ya toleo ndani ya juzuu, na mwisho ni kurasa za makala nzima, si ule mmoja ulionukuu. Makala ikiwa na DOI, yaani utambulisho wake wa kudumu mtandaoni, iongeze mwishoni kama kiungo kinachoanza na `https://doi.org/` na usiweke nukta baada yake. Nukta ikishikamana na kiungo, huenda kisifunguke.

Waandishi watatu huandikwa wote kwenye orodha, ingawa ndani ya matini tulisema "na wenzake". APA inaruhusu kuwataja hadi 20.

> Massamba, D. P. B., Kihore, Y. M., na Hokororo, J. I. (1999). *Sarufi miundo ya Kiswahili sanifu (SAMIKISA): Sekondari na vyuo*. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili.

Sura ndani ya kitabu kilichohaririwa huanza na mwandishi wa sura, mwaka na jina la sura. Hufuata neno "Katika", wahariri kwa herufi zao za kwanza kisha ukoo, ufupisho (Wah.), jina la kitabu kwa mlazo, kurasa za sura kwenye mabano na mchapishaji. Ni kosa la kawaida kumtaja mhariri ndani ya matini wakati aliyesema ni mwandishi wa sura.

Kurasa za mtandao huwatesa watu kwa sababu ya mwaka. Chukua ukurasa wa michoro ya miambani ya Kondoa:

> UNESCO World Heritage Centre. (b.t.). *Kondoa rock-art sites*. https://whc.unesco.org/en/list/1183

Wengi huandika 2006 kwenye mabano. Huo ni mwaka ambao michoro iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia, si mwaka wa ukurasa. Tarehe isipoonekana, andika b.t., yaani bila tarehe. Siku uliyoufungua ukurasa huongezwa pale tu maudhui yanapotarajiwa kubadilika.

Katiba na sheria hutajwa kwa jina, mwaka na kifungu: Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977, ibara ya 18. Kutaja ukurasa wa kijitabu hakumsaidii msomaji mwenye chapa nyingine.

Majina na mfuatano

Orodha hufuata alfabeti ya jina la ukoo. Vyeo kama Dkt., Profesa, Mhe. au Mchungaji haviingii. Kwa majina yetu ya sehemu tatu, la mwisho ndilo hutangulia, lakini angalia mwandishi mwenyewe anavyojitambulisha katika kazi zake nyingine, kisha ushike umbo hilohilo kote. Mtu mmoja akionekana mara mbili kwa majina mawili, msomaji atadhani ni watu wawili.

Kazi mbili za mtu mmoja za mwaka mmoja hutofautishwa kwa herufi. Nyerere ana *Freedom and socialism* na *Ujamaa: Essays on socialism*, vyote vya 1968. F hutangulia U, hivyo cha kwanza ni 1968a na cha pili 1968b. Herufi hizo lazima zionekane na ndani ya matini, la sivyo hazina kazi.

Mahojiano ya utafiti

Wazee uliowahoji Bahi au Mpwapwa kwa ajili ya utafiti wako ni data. Hawaingii kwenye orodha ya marejeleo. Waeleze katika sura ya mbinu na uwataje kwa namba za siri ulizowapa, kama Mhojiwa 7. Tofauti na hao, barua pepe au mazungumzo na mtaalamu nje ya utafiti hutajwa ndani ya matini tu kama mawasiliano binafsi, pamoja na tarehe kamili.

Kupanga na kukagua

Orodha huanza ukurasa mpya, kwa nafasi mbili kati ya mistari. Mstari wa kwanza wa kila ingizo hubaki pembeni na inayofuata huingia ndani sentimita 1.27. Kwenye Word chagua orodha yote kisha bonyeza `Ctrl+T`. Usisogeze kwa kubonyeza nafasi, kwani ukiongeza neno moja mpangilio wote unavurugika.

Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeleo, ni ya bure na inaokoa muda mwingi, lakini hubeba makosa ya ilikotoa taarifa: majina yote kwa herufi kubwa, jina la taasisi lililogeuzwa kama la mtu, mwaka uliokosekana. Kagua kila ingizo siku unayoliingiza, chanzo kikiwa bado mbele yako.

Kabla ya kuwasilisha, tafuta alama ya mabano `(` kwa `Ctrl+F` na upite rejeleo moja baada ya jingine, ukiweka tiki kwenye orodha iliyochapishwa. Rejeleo lisilo na ingizo liongezewe ingizo; ingizo lisilo na tiki lifutwe, hata kama kitabu chake ulikipenda. Linganisha pia tahajia na mwaka, kwa kuwa Maddox wa 1990 ndani ya matini huweza kuwa wa 1991 kwenye orodha.

Ripoti ya Turnitin, programu inayotafuta maandishi yanayofanana na ya wengine, isomwe kwa kufungua kila sehemu iliyopakwa rangi. Orodha ya marejeleo yenyewe huongeza asilimia bila kosa lolote, na inaweza kuondolewa kwenye hesabu. Kwa upande mwingine, asilimia ndogo haithibitishi usafi, maana wazo lililochukuliwa bila kutajwa na kuandikwa kwa maneno mengine linaweza lisipakwe rangi kabisa. Hilo msimamizi hulitambua kwa kusoma.