Tamko la Nafasi ya Mtafiti

Utafiti huu wa shahada ya uzamivu unachunguza namna watu wazima wanaoishi na kisukari cha aina ya pili wanavyofikia uamuzi wa kuruka au kuacha kwa muda sindano za insulini. Data zilipatikana kwa mahojiano ya kina na washiriki 24, na ni mimi niliyeandika maswali, niliyewahoji wengi wao na niliyesimba majibu yao, yaani kuipa kila sehemu ya majibu jina fupi la maana yake. Kwa kuwa kila moja ya kazi hizo inapita katika mikono yangu, msomaji ana haki ya kujua mikono hiyo imezoea kushika nini.

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 38, na kabla ya kuanza masomo haya nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka tisa, sita kati yake katika kliniki ya kisukari. Sina kisukari. Mama yangu anacho, naye ameridhia niyaeleze hapa yanayomhusu. Kwa hiyo ninaujua ugonjwa huu kutoka upande wa meza ya muuguzi na kutoka upande wa nyumbani, lakini siujui kutoka ndani ya mwili wangu, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko nilivyodhani nilipokuwa nikiandika pendekezo la utafiti.

Kliniki ilinipa maarifa ambayo mtafiti mwingine angehitaji muda mrefu kuyapata. Mshiriki akitaja kushuka kwa sukari usiku au vinundu mahali anapojichoma, sikuhitaji kufafanuliwa. Lakini kliniki hiyohiyo ilinipa msamiati, na msamiati huo ndio ninaouona kuwa chanzo kikuu cha upendeleo wangu. Mgonjwa asiyerudi kwa tarehe aliyopangiwa tulimwita mtoro. Neno hilo tulilitumia kila siku, kwenye rejista na midomoni mwetu, bila nia mbaya, na nililitumia kwa miaka mingi bila kujiuliza kwamba mtoro ni mtu aliyekimbia wajibu na anayestahili kurudishwa. Anayelibeba neno hilo akaingia nalo kwenye mahojiano huwa ameshatoa hukumu kabla hajasikiliza.

Nililibeba. Katika mahojiano ya saba, mshiriki mwenye umri wa miaka 52 alikuwa akinieleza kwamba kuna majuma ambayo, kwa maneno yake, “hupumzika sindano.” Swali nililomfuatishia, kama linavyosikika kwenye rekodi, lilikuwa: “Na unapotoroka hivyo, nyumbani wanajua?” Ukimya uliofuata ni wa sekunde 11. Baada ya hapo majibu yake yalikuwa mafupi na ya adabu, yaani majibu ambayo mgonjwa humpa muuguzi. Wakati wa mahojiano sikutambua lililotokea. Nilikuja kulitambua nilipokuwa ninanukuu rekodi, na hata hapo ilinibidi nirudi nyuma mara mbili kusikiliza sauti yangu mwenyewe.

Upendeleo wa pili unatoka nyumbani, nao unavuta upande wa pili. Nikiwa na miaka 16 nilikuta chupa za insulini ambazo hazijafunguliwa, zimefungwa ndani ya kitambaa nyuma ya nguo za mama. Nilimgombeza kama mtu mzima anavyomgombeza mtoto. Alinijibu kwamba hakutaka kuamka tena usiku akitetemeka, jasho likimtoka, asijue kama atafika mlangoni. Leo ninafahamu kwamba hofu ya sukari kushuka ni sababu inayojulikana vizuri ya watu kupunguza au kuruka dozi. Siku ile niliona ukaidi tu. Ninakiri kwamba sehemu ya utafiti huu ni jaribio la kumwomba radhi. Mtafiti wa namna hiyo yuko katika hatari ya kuona busara katika kila sindano iliyorukwa, hata pale ambapo mshiriki mwenyewe anasema alisahau tu, au kwamba siku hiyo hakujali.

Mwaka 1972 mwanasosholojia Robert Merton alipinga dhana kwamba kundi fulani lina haki ya pekee ya kujijua, akaonyesha kwamba kila mtu hubeba hadhi nyingi kwa wakati mmoja, hivi kwamba aliye wa ndani kwa jambo moja ni wa nje kwa jingine. Hali yangu iko hivyo, na ilibadilika hata ndani ya mahojiano ya saa moja. Washiriki waliposikia kwamba mama yangu ana kisukari, walizungumza nami kama na binti wa mwenzao. Kazi yangu ya zamani ilipojulikana, baadhi waliniomba niangalie kidonda au niwathibitishie dozi. Niliwaelekeza kwa wahudumu wao, lakini sikuweza kulifuta koti jeupe ambalo walishaliona. Elimu yangu na kipato cha uhakika viliniweka mbali zaidi na baadhi yao, hasa wale waliopunguza dozi ili chupa moja ifike mwisho wa mwezi. Jambo hilo sijawahi kulazimika kulifanya.

Hatua nilizochukua ni hizi, nami sidai kwamba zimeondoa tatizo. Washiriki watano niliowahi kuwahudumia kliniki walihojiwa na mtafiti mwenzangu asiyetoka katika sekta ya afya. Neno “mtoro” na maneno ya jamii yake niliyaondoa kwenye mwongozo wa maswali baada ya mahojiano ya saba, na kwa sababu hiyo mahojiano saba ya mwanzo hayalingani kikamilifu na 17 yaliyofuata. Shajara ya utafiti niliiandika jioni ya kila mahojiano, nikianza na kile kilichoniudhi, kwa kuwa niligundua kwamba hasira ya kiuguzi huonekana haraka kuliko upendeleo wa binti.

Hatua iliyonifundisha zaidi ilikuwa kumpa nakala sita, zilizoondolewa majina kwa mujibu wa ridhaa ya washiriki, msomaji wa pili ambaye mwenyewe hujidunga insulini. Mshiriki mmoja alinionyesha daftari lake la vipimo: majuma mawili ya tarakimu, zote kwa wino uleule na mwandiko uleule uliotulia, zote nzuri. Muuguzi yeyote mzoefu anajua daftari la namna hiyo hujazwa kwa mkupuo, usiku wa kuamkia kliniki. Niliisimba sehemu hiyo “kudanganya.” Msomaji wa pili aliisimba “kuepuka kugombezwa.” Tulibishana kwa muda mrefu, na sikukubaliana naye kabisa, kwa maana tarakimu za uongo zinaweza kusababisha dozi mbaya, na jambo hilo si la mtazamo tu. Hata hivyo, yeye alikuwa anaeleza kwa nini mshiriki aliandika, ilhali mimi nilikuwa naeleza jinsi muuguzi anavyojisikia anaposoma. Swali la utafiti huu linahusu la kwanza. Misimbo yote miwili imebaki katika sura ya tano, ikiwa imewekwa bega kwa bega.

Mahojiano ya saba nayo sikuyaondoa. Yamechambuliwa pamoja na mengine, na swali langu limenukuliwa kama nilivyolitamka. Mshiriki huyo alipopelekewa muhtasari wa mahojiano yake ili authibitishe, alirekebisha jambo moja tu: mahali nilipoandika kwamba “huacha” sindano, alikata neno hilo na kuandika juu yake “hupumzika.” Mada ya tatu ya matokeo imepewa jina hilo.